Chupa Inaponyoka, Koleo Halina Habari: Kutafuta Kosa Kwenye Udhibiti wa Mbano

Koleo ninalolizungumzia hapa ni la mezani, la vidole viwili vya alumini. Mota ndogo ya gia inazungusha skrubu ndefu, na skrubu ikimaliza mzunguko mmoja vidole vinakaribiana kwa milimita 1. Mota inazunguka mara 200 kwa dakika, kwa hiyo vidole vinafunga kwa kasi ya kama milimita 3.3 kwa sekunde. Upande wa ndani kila kidole kimevikwa raba, na nyuma ya raba ya kidole kimoja kuna kihisi cha nguvu cha FSR 402, kile kiduara chembamba ambacho ukinzani wake hushuka kadiri kinavyobanwa. Kinasomwa na Arduino Uno. Kitu kinachoshikwa ni chupa ya plastiki ya maji ya nusu lita, imejaa, imetoka kwenye friji.

Nimechagua chupa ya friji kwa makusudi. Ikikaa dakika tatu mezani inatoa jasho, raba inapoteza mshiko, na chupa iliyokuwa imetulia inaanza kushuka yenyewe. Hapo ndipo koleo linatakiwa lihisi mtelezo na kukaza. Lisipofanya hivyo, sababu ni mojawapo ya zile nitakazozipitia hapa chini. Ila kuna jaribio moja linalotangulia yote.

Rekodi tatu kabla ya kugusa namba yoyote

Bana chupa, kisha chomoa waya wa mota. Skrubu haiwezi kurudi nyuma yenyewe, kwa hiyo mbano utabaki hata bila umeme. Rekodi kihisi kwa sekunde tano bila kugusa kitu. Hiyo ni rekodi ya kimya. Kisha funga uzi kwenye chupa, uvute taratibu kuelekea chini mpaka chupa iteleze, huku unarekodi. Hiyo ni rekodi ya mtelezo. Mwisho rudisha waya wa mota, zungusha mota kidogo mbele na nyuma chupa ikiwa imeshikwa vizuri bila kuteleza. Hiyo ni rekodi ya mota.

Raba haitelezi kama sabuni. Inanata, inaachia, inanata tena, na kila inapoachia nguvu kwenye kihisi inatikisika kidogo. Mtikisiko huo ndio tunaoutafuta. Kwa hiyo swali ni kama rekodi ya mtelezo inatofautiana na ile ya kimya, na kama inatofautiana na ile ya mota. Watu wengi huanza kwa kubadilisha vizidishi vya udhibiti, na mimi nilianza hivyo hivyo. Nilipoteza wikendi mbili.

Dalili: chupa inateleza, rekodi imenyooka kama rula

Hapa koleo ni kiziwi. Anza na kiduara chenyewe. Eneo lake la kuhisi lina kipenyo cha milimita 12.7, na pembeni limezungukwa na ukingo ambao hauhisi chochote. Raba ikiwa ngumu na pana, mzigo unapita kwenye ukingo na kuishia kwenye alumini, kihisi kinabaki na makombo. Dawa ni kubandika kipande kidogo cha raba chenye kipenyo cha kama milimita 10 katikati ya kiduara, ili nguvu yote ipitie pale.

Kama kihisi kinabanwa vizuri, angalia rizista iliyounganishwa nacho. Mifano mingi inatumia 10 kΩ, nayo inafaa kwa kuhisi kidole kikigusa, haifai kwa koleo. FSR 402 ikibanwa kwa nyuton 1 ina ukinzani wa karibu 6 kΩ, na kwa nyuton 10 unashuka hadi kama 1 kΩ. Ukiwa na rizista ya 10 kΩ, nyuton 1 inakupa volti 3.1 na nyuton 10 inakupa volti 4.5. Yaani kila kitu kuanzia mguso mwepesi hadi mbano mzito kimesongamana ndani ya volti moja na nusu, na sehemu ya juu, ambako chupa yetu inashikwa, ndiyo iliyosongamana zaidi. Weka 1 kΩ badala yake: nyuton 1 itakuwa volti 0.7, nyuton 10 itakuwa volti 2.5, na mtikisiko uliokuwa umefunikwa utaonekana.

Kuna ukiziwi wa aina ya tatu, nao uko kwenye programu. Mtelezo wa raba unahitaji kusomwa mara 1000 kwa sekunde au karibu na hapo. Arduino Uno inaweza, kwani `analogRead()` inachukua kama sehemu moja ya kumi ya milisekunde. Kinachoiua kasi ni kuchapisha. Kwa `Serial.begin(9600)` herufi moja inachukua karibu milisekunde nzima, na ukichapisha namba ya tarakimu tatu na mwisho wa mstari umetumia milisekunde tano. Unadhani unasoma mara 1000, kumbe ni chini ya 200. Panda hadi 115200. Na kama uliiga mahali fulani msimbo unaotoa wastani wa usomaji 50 ili namba isichezecheze, ufute. Kuchezacheza huko ndiko unakokutafuta.

Wanaopima mbano kwa kihisi cha mizani kinachosomwa na chipu ya HX711, badala ya FSR, wana tatizo lao. Bodi nyingi za HX711 zinakuja pini ya `RATE` ikiwa imeunganishwa na ardhi, na hapo inatoa usomaji 10 tu kwa sekunde na inahitaji milisekunde 400 kutulia baada ya badiliko. Ukiipandisha pini hiyo unapata usomaji 80 na kutulia kwa milisekunde 50. Inatosha kujua umebana kwa nguvu gani. Kusikia raba ikiachia, hata hiyo 80 haitoshi.

Dalili: koleo linakaza lenyewe mpaka chupa inabonyea

Hii ndiyo iliyonifundisha kazi. Niliweka kizingiti kidogo, yaani kiwango cha mtikisiko ambacho kikipitwa koleo linakaza, nikashikisha koleo chupa kavu isiyo na tatizo lolote, nikaenda kuchukua chai. Niliporudi chupa ilikuwa imebonyea katikati, maji yanatiririka mezani na mota bado inalia.

Mambo yalikwenda hivi. Kitu fulani, labda mlango uliofungwa kwa kishindo, kilitikisa meza. Koleo likadhani ni mtelezo, likakaza. Mota ilipozunguka ikatetemesha vidole, kihisi kikasikia mtetemo, koleo likadhani chupa inateleza zaidi, likakaza tena. Koleo lilikuwa linajitisha lenyewe.

Ukilinganisha zile rekodi tatu utaona kwa nini kizingiti peke yake hakiwezi kutibu hili. Kwangu, kwa kipimo cha nishati ya mtikisiko nitakachokionyesha hapa chini, kimya kilikuwa chini ya 1, mtelezo kati ya 8 na 15, na mota kati ya 40 na 60. Mota ina kelele kuliko jambo tunalolitafuta. Ukipandisha kizingiti juu ya mota, hutasikia mtelezo kamwe. Ukikishusha, mota itakutisha kila inapozunguka.

Kabla ya kutibu, jua kelele hiyo inapita wapi: kwenye chuma au kwenye waya. Kuna anayefungua vidole, anazungusha mota, anaona namba haichezi, anasema umeme ni safi. Jaribio hilo linadanganya. Kihisi kisichobanwa ni kama waya uliokatika, na rizista inaivuta pini hadi sifuri, kwa hiyo kelele nyingi haionekani. Toa kihisi, weka mahali pake rizista ya kawaida ya 2.2 kΩ, kisha zungusha mota. Rizista haihisi mtetemo. Namba ikichezacheza hata hapo, kelele ni ya umeme.

Yangu ilikuwa nusu kwa nusu. Mkondo wa mota ulikuwa unarudi kwenye betri kupitia waya uleule wa ardhi wa kihisi, na kila mota ilipoanza, ardhi ya kihisi ilisogea. Niliipa mota waya wake wa ardhi hadi kwenye betri, nikalehemu kapasita ya 100 nF juu ya vituo vya mota, na nusu ile ikaisha. Nusu iliyobaki ni mtetemo wa kweli wa gia na skrubu, na huo hauishi kwa kulehemu. Dawa yake ni koleo kuziba masikio wakati linapojisogeza:

```cpp
// kila milisekunde 1
int x = analogRead(A0);
wastani += 0.2 * (x - wastani);
float t = x - wastani;

if (mota_inazunguka) mota_ilisimama = millis();
if (millis() - mota_ilisimama < 40) nishati = 0;
else nishati += 0.1 * (t * t - nishati);

if (nishati > kizingiti) bana();
```

`wastani` unafuata mabadiliko ya polepole, `t` ni kinachobaki juu yake, na `nishati` ni ukubwa wa kile kilichobaki kwa milisekunde kumi hivi zilizopita. Mota ikizunguka, na kwa milisekunde 40 baada ya kusimama, nishati inarudishwa sifuri. Hizo 40 nilizipata kwa kutazama rekodi ya mota: vidole vyangu vilichukua kama 25 kutulia, nikaongeza kidogo. Vyako vikiwa virefu au vyembamba vitachukua zaidi. Kizingiti nilikiweka 4, katikati ya kimya na mtelezo.

Gharama yake ni kwamba koleo halisikii kitu wakati linapokaza. Ndiyo maana `bana()` isikaze kidogo kidogo. Iongeze mbano kwa asilimia 30 kwa mkupuo mmoja, isimame, isikilize tena. Na iwe na dari. Yangu haipiti nyuton 12 hata nishati ikipanda vipi. Chupa ya pili ilipona kwa sababu ya mstari huo mmoja wa msimbo.

Dalili: mtelezo unahisiwa kwa wakati, chupa inaanguka vilevile

Hapa wengi hulaumu kihisi kuwa ni kizito. Tupige hesabu kwanza.

Chupa yangu ina kilo 0.52, yaani uzito wa nyuton 5.1. Vidole ni viwili, kwa hiyo msuguano unaoishikilia ni mara mbili ya mbano ukizidishwa kwa kigawo cha msuguano. Kigawo hicho unakipata kwa ubao tu: bandika raba ileile kwenye ubao, laza chupa juu yake kwa namna ambayo haitabingirika, inua ubao polepole mpaka chupa iteleze, upime pembe. Tanjenti ya pembe ndiyo jibu. Chupa kavu iliteleza kwenye nyuzi 31, yaani 0.6. Yenye jasho iliteleza kwenye nyuzi 22, yaani 0.4.

Chupa kavu inahitaji mbano wa nyuton 4.25. Nilikuwa nimeweka 5.5, asilimia 30 zaidi, nikajiona mwangalifu. Chupa ikitoa jasho mahitaji yanapanda hadi nyuton 6.4. Kwa mbano wa 5.5 msuguano unabeba nyuton 4.4 tu, na nyuton 0.7 zilizobaki zinaivuta chupa chini kwa mchapuko wa mita 1.35 kwa sekunde kwa sekunde.

Tuseme kihisi kimegundua ndani ya milisekunde 20. Chupa imeshuka robo ya milimita tu. Kihisi hakina kosa. Sasa mota. Chupa ya plastiki ni laini. Kwangu vidole vilihitaji kukaribiana kwa milimita 0.6 ili mbano uongezeke kwa nyuton 1. Kwa kasi ya milimita 3.3 kwa sekunde hiyo ni milisekunde 180 kwa kila nyuton. Muda wote huo chupa inaendelea kushuka, na hata msuguano ukishafikia uzito, chupa tayari ina kasi ambayo lazima ivunjwe. Ukiijumlisha safari yote unapata kama sentimita 3. Kwa chupa ndefu hiyo ni kuponea chupuchupu. Kwa kikombe ni sakafuni.

Fundi wa kwanza niliyemwonyesha aliniambia, "Badilisha skrubu, weka ya milimita 2." Alikuwa sahihi kwa kiasi chake. Kasi ya kufunga ikiongezeka maradufu, mtelezo unapungua kutoka sentimita 3 hadi kama 1. Lakini fanya hesabu upande wa pili: acha skrubu ileile ya polepole, anzia mbano wa nyuton 6.2 badala ya 5.5. Chupa yenye jasho sasa imepungukiwa nyuton 0.14 tu. Inaanza kuteleza kwa uvivu, na mota ileile inaikamata kabla haijamaliza milimita moja. Nyuton 0.7 za kuanzia zimefanya kazi kuliko skrubu mpya.

Kwa hiyo dalili hii ikikupata, usikimbilie kasi. Angalia umbali uliopo kati ya mbano wa kuanzia na mahitaji ya hali mbaya zaidi unayoitarajia. Kazi ya kihisi cha mtelezo ni kuziba pengo dogo. Kubwa kikiachiwa hakiwezi. Mkono wa mtu nao una mipaka hiyohiyo. Johansson na Westling wa Umeå, Sweden, walionyesha mwaka 1984 kwamba vidole vinashika kitu kwa nguvu inayozidi kidogo kiwango cha kuteleza, na kikiteleza vinaanza kukaza baada ya milisekunde 60 hadi 80 hivi. Sisi pia tunachelewa; ila tunaanza na akiba.

Kama mkono wa roboti unainua kwa haraka, ongeza mchapuko wa kuinua kwenye hesabu ya uzito. Kuinua kwa mita 3 kwa sekunde kwa sekunde kunaifanya chupa ileile iwe kama ya nyuton 6.7, na hapo pengo lililokuwa dogo linarudi kuwa kubwa. Na usiamini kila kengele ya mtelezo wakati mkono unaanza kwenda, maana mshtuko wa kuondoka unafanana nao; nyamazisha kihisi kama ulivyofanya kwa mota.

Dalili: vidole vinacheza mbele na nyuma bila kutulia

Hii ni rahisi. Gia zina uhuru kidogo kati ya meno, skrubu inanata kabla ya kuanza kuzunguka, na udhibiti unaojumlisha kosa unazidi kusukuma mpaka skrubu iachie ghafla na kupita lengo. Kisha unarudi upande wa pili. Acha ukanda wa nusu nyuton juu na chini ya lengo ambamo mota haiguswi kabisa, na usiruhusu jumla ya kosa ikue mota ikiwa imesimama. Skrubu itashikilia yenyewe.

Dalili: inashika vizuri, inaangusha baada ya robo saa

Hii ndiyo ya kuudhi, kwa sababu majaribio mafupi yote yanafaulu. Hakuna mtelezo uliosikika, hakuna kengele, na ukisoma rekodi mbano umebaki kwenye 5.5 muda wote. Kwenye skrini.

FSR ikibanwa kwa nguvu ileile kwa muda mrefu, ukinzani wake unaendelea kushuka polepole. Mtengenezaji anataja hadi asilimia 5 kwa kila muda unapozidi mara kumi: kutoka sekunde 1 hadi 10, kutoka 10 hadi 100, kutoka 100 hadi 1000. Baada ya dakika 17 hivi usomaji unaweza kuwa umepanda asilimia 15 bila mbano kuongezeka hata chembe. Udhibiti unaona namba imezidi lengo, unalegeza. Ukiona namba inapanda tena, unalegeza tena. Mbano wa kweli unafika kama nyuton 4.8, chupa imeshaanza jasho, na inaondoka yote kwa pamoja.

Kuthibitisha ni rahisi. Chomoa waya wa mota chupa ikiwa imeshikwa, acha robo saa, utazame namba ikipanda vidole vikiwa havijasogea hata unywele. Na dawa ni kuunyima udhibiti haki ya kulegeza. Mbano upande tu wakati chupa imeshikwa. Lengo la awali liwekwe ndani ya sekunde mbili za kwanza, na baada ya hapo kihisi kisikilizwe kwa mtelezo peke yake. Kulegeza kuwe kwa amri ya kuachia chupa, na sifuri ya kihisi ichukuliwe upya kila vidole vinapokuwa wazi.

Baada ya badiliko hilo niliiacha chupa ikishikwa tangu saa nane mchana hadi saa kumi na mbili. Rekodi inaonyesha `bana()` iliitwa mara mbili, zote ndani ya dakika sita za kwanza, jasho lilipoanza. Ukilinganisha na mstari niliouchora kwa kalamu ya wino mzito, chupa ilikuwa imeshuka milimita mbili.